Kabla ya Kuchora, Hesabu Mistari

Picha imepigwa kwa simu, haraka haraka, kabla mwalimu hajafuta ubao. Kivuli cha mpigaji kimeangukia pembeni, lakini mchoro unasomeka vizuri. Ni nyumba ndogo yenye paa la pembetatu, na ndani ya kuta zake mistari miwili imekatana kutoka pembe hadi pembe. Pembe tano za nyumba hiyo zimewekwa nukta nzito zenye herufi: A kileleni mwa paa, B na C pale paa linapokutana na kuta, B kushoto na C kulia, kisha D na E chini kwenye msingi, D kushoto na E kulia. Chini ya mchoro kuna maswali matatu. Taja digrii ya kila kipeo. Onyesha njia ya kutoka A hadi E. Je, inawezekana kupita kila mstari mara moja tu bila kuinua chaki?

Wengi tumewahi kuuchora mchoro huu utotoni, kwenye daftari au mchangani, tukishindana nani atamaliza bila kuinua kidole. Ukifika darasani unaitwa grafu. Si ile grafu ya mhimili wa x na y tuliyoizoea. Hii ina vitu viwili tu, yaani nukta, ambazo huitwa vipeo, na mistari inayoziunganisha. Urefu wa mstari hauhesabiwi, wala hakuna anayejali kama umenyooka au umepinda. Kinachotazamwa ni nani ameunganishwa na nani.

Tuanze na swali la kwanza. Digrii ya kipeo ni idadi ya mistari inayokigusa. Kipeo A kinaguswa na mistari miwili ya paa, kwa hiyo digrii yake ni 2. Kipeo B kinaguswa na mstari wa paa, dari, ukuta na mstari wa mshazari, jumla 4. C ni vivyo hivyo, 4. D kina ukuta, msingi na mshazari, jumla 3, na E pia 3.

Hapa ndipo picha inapoweza kumpotosha mtu. Katikati ya nyumba mistari miwili ya mshazari imekatana, na jicho linatamani kupaita mahali hapo kipeo. Lakini hakuna nukta pale. Mstari mmoja unatoka B kwenda E, mwingine unatoka C kwenda D, na kila mmoja unapita zake, kama barabara ya juu inavyopita juu ya nyingine pasipo na njia ya kuteremka. Anayehesabu mkatano huo kama kipeo ameshajitungia grafu nyingine yenye vipeo 6.

Kuna njia rahisi ya kujikagua. Jumlisha digrii zote: 2 na 4 na 4 na 3 na 3 ni 16. Sasa hesabu mistari: iko 8. Jumla ya digrii ni lazima iwe mara mbili ya idadi ya mistari, kwa kuwa kila mstari una ncha mbili na kila ncha imehesabiwa kwenye kipeo chake. Ukipata jumla ambayo ni witiri, kwa mfano 15, rudi kwenye picha. Kuna mstari umefichwa na kivuli au umekatwa na ukingo wa picha. Kwa sababu hiyo hiyo, vipeo vyenye digrii witiri havipatikani kimoja peke yake wala vitatu. Ama havipo, ama ni viwili, vinne, sita na kuendelea.

Swali la pili ni jepesi, ila linataka umakini wa lugha. Njia kutoka kipeo hadi kipeo ni safari isiyorudia kipeo. Kutoka A hadi E unaweza kwenda A–B–E, mistari miwili tu. Unaweza pia kuzunguka A–B–D–C–E, mistari minne, ukagusa vipeo vyote vitano. Majibu yote mawili ni sahihi. Lakini swali la tatu limebadilisha sharti: sasa vipeo unaruhusiwa kuvirudia upendavyo, ila mstari haurudiwi na wala hauachwi. Mwanafunzi anayebeba sharti la swali la pili na kuliingiza katika la tatu atakata tamaa mapema bila sababu.

Mtu akipewa swali hilo la tatu, jambo la kwanza analofanya ni kujaribu. Anaanzia A, kwa kuwa kiko juu, anashuka, anazunguka, anakwama. Anajaribu tena, anakwama tena. Je, haiwezekani, au hajapata mpangilio mzuri? Kujaribu hakuwezi kulijibu swali hilo, hata akijaribu siku nzima. Hesabu ya digrii inalijibu kwa sekunde chache, na sababu yake ni hii.

Tazama kipeo chochote ambacho si mwanzo wala mwisho wa safari. Kila unapoingia hapo kwa mstari mmoja, sharti utoke kwa mstari mwingine ambao haujautumia. Kila ziara inakula mistari miwili. Kama mistari yote ya kipeo hicho itatumika pasipo kubaki hata mmoja, basi idadi yake ni lazima iwe shufwa. Kipeo cha kuanzia kina nafasi ya pekee: ule mstari wa kwanza wa kutokea haukuwa na wa kuingilia, kwa hiyo digrii yake huwa witiri. Kipeo cha kumalizia nacho ni hivyo hivyo, kwa kuwa mstari wa mwisho umeingia na haukutoka. Ukianza na kumaliza mahali pamoja, mistari hiyo miwili inakamilisha jozi, na vipeo vyote vinakuwa shufwa.

Kanuni inajitokeza yenyewe. Vipeo witiri vikiwa sifuri, unaweza kuanzia popote na utarudi pale pale. Vikiwa viwili, anza kimoja na utamalizia kingine. Vikizidi viwili, weka chaki chini, haiwezekani. Sharti moja la kuongeza ni kwamba mistari yote iwe imeshikamana katika mchoro mmoja, kwani pembetatu mbili zilizotengana zina vipeo shufwa vitupu na bado hakuna awezaye kuruka kutoka moja hadi nyingine.

Nyumba yetu ina vipeo witiri viwili, D na E. Kwa hiyo inawezekana, na yule aliyeanzia A alijifungia mlango tangu hatua ya kwanza. Lakini hata ukianzia D unaweza kukwama. Chukua D–B–E–D–C–E. Umepita mistari mitano, umefika E, na mistari yote mitatu ya E imekwisha. Imebaki mitatu ambayo haijaguswa: A–B, A–C na B–C. Usifute kazi yako. Mistari iliyobaki ni pembetatu, mzunguko unaorudi ulikoanzia, na unakutana na safari yako kwenye kipeo B. Rudi pale ulipopita B, pachika mzunguko huo, kisha endelea kama kwanza: D–B–A–C–B–E–D–C–E. Mistari minane, kila mmoja mara moja. Mbinu hii ya kupachika ni ya Mjerumani Carl Hierholzer. Alifariki mwaka 1871, na uthibitisho wake ukachapishwa mwaka 1873. Hufanya kazi kwenye grafu ya ukubwa wowote, kwa kuwa mistari inayobaki baada ya kukwama huacha digrii shufwa kila mahali.

Sasa bomoa paa. Ondoa A na mistari yake miwili, ibaki bahasha iliyofungwa: mraba wenye mistari miwili ya mshazari. B na C wameshuka kutoka 4 hadi 3, na D na E wako 3 vilevile. Vipeo witiri ni vinne. Mchoro umekuwa mdogo zaidi, una mistari 6 tu, na papo hapo umekuwa hauwezekani.

Hali hiyo hiyo ndiyo iliyowakabili wakazi wa mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Mto Pregel uliugawa mji katika sehemu nne, na madaraja saba yaliziunganisha. Watu waliulizana kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja. Mwaka 1735 mwanahisabati Leonhard Euler aliwasilisha jibu lake katika Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg. Kisiwa cha Kneiphof kiliguswa na madaraja 5, na kila moja ya sehemu tatu nyingine iliguswa na madaraja 3. Sehemu zote nne ni witiri, kwa hiyo matembezi hayo hayawezekani, na hakuhitaji kukanyaga daraja hata moja ili kulisema hilo.

Maarifa haya hayakukaa Ulaya peke yake. Mwaka 1905 mtafiti Emil Torday, akiwa miongoni mwa Wabushongo wa Kasai, Kongo, aliwakuta watoto wakichora mchangani, nao wakampa changamoto ya kufuata michoro yao yenye mistari mingi bila kuinua kidole wala kurudia mstari. Michoro hiyo ina vipeo witiri viwili, na asiyeanzia kwenye kimojawapo hafiki popote.

Na pale jibu linapokuwa hapana, swali linalofuata ni gharama: ni mistari mingapi itabidi irudiwe? Bahasha yenye vipeo witiri vinne inataka mstari mmoja urudiwe. Ukirudia ule wa B–C, vipeo hivyo viwili vinakuwa shufwa na vinabaki D na E, mwanzo na mwisho. Ukitaka kurudi ulikoanzia, rudia na wa D–E pia, jumla hatua 8. Mwanahisabati wa Kichina Guan Meigu alilichambua swali hili mwaka 1960 akimfikiria mpeleka barua anayetakiwa kupita kila mtaa kisha arudi posta kwa mwendo mfupi kuliko wote. Gari la kuzoa taka lina swali lile lile: vioanishe vipeo witiri kwa njia fupi, na hizo ndizo barabara za kurudia.

Kanuni hii ina mpaka wake, na mpaka huo uko karibu sana. Badilisha neno moja katika swali la tatu, useme kila kipeo mara moja badala ya kila mstari. Kwa nyumba yetu jibu ni rahisi, A–B–D–E–C–A. Lakini kwa grafu kubwa, hesabu ya digrii haitoshi tena, na hadi leo hakuna mtu aliyepata njia ya haraka inayojibu kwa grafu zote. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, soma swali hadi mwisho na uangalie linadai mistari au vipeo. La mistari utalimaliza kwa kuhesabu. La vipeo huenda likakulazimu kujaribu kweli.