Tarakimu ya Kwanza Ndiyo Inayoamua

Kampuni ndogo ya utalii yenye ofisi ya vyumba viwili Sekei, inayopandisha wageni Mlima Meru, haihitaji akaunti mia mbili kwenye leja yake. Arobaini zinatosha. Kazi iko kwenye kuzipa namba.

Mpangilio uliozoeleka ni wa tarakimu nne. Namba inayoanza na 1 ni mali, 2 ni madeni, 3 mtaji, 4 mapato, 5 gharama za safari zenyewe, na 6 gharama za ofisi. Kwetu mfanyabiashara hujipangia. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo imo katika OHADA tangu 2012, na huko makundi yamewekwa kisheria: 6 ni gharama, 7 ni mapato.

Tuseme mgeni ametuma shilingi milioni 2 mwezi Machi ili apande mlima Julai. Wengi wangeziandika 4110, mapato ya kupandisha Meru, kwa kuwa fedha imeshaingia benki. Hilo ni kosa. Huduma haijatolewa, na safari ikivunjika huenda zikarudishwa. Zinaingia 1030, benki, na upande wa pili 2110, amana za wageni. Ni deni. Julai mgeni akishashuka, milioni 2 zinahamishwa kutoka 2110 kwenda 4110, na mwezi huohuo zinaandikwa gharama zake, tuseme milioni 1.4. Faida ya safari ni laki 6.

Ukikosea tarakimu hiyo moja, Machi itaonyesha faida ya milioni 2 na Julai hasara ya milioni 1.4. Dalili yake haifichiki: vitabu vinang'aa wakati wa masika, magari yamelala uani na mlimani hakuna mgeni.

Tarakimu ya pili hukusanya ndugu. Kundi la 51 liwe la malipo ya hifadhi: 5110 kiingilio, 5120 malazi ya vibanda vya Miriakamba na Saddle, 5130 askari mwenye bunduki anayeongozana na wapandaji. Kundi la 52 liwe la watu wako: 5210 waongozaji, 5220 wapagazi, 5230 mpishi. Ukijumlisha 5100 hadi 5199 unajua hifadhi imechukua kiasi gani, bila kupekua risiti hata moja. Nafasi kati ya namba ziachwe makusudi. Ada mpya ikizuka, inakaa 5140 kando ya wenzake, haitupwi mwisho wa orodha.

Namba zote ziwe na urefu mmoja. Programu nyingine hupanga namba kama maneno, na hapo 60 itatanguliwa na 5110, ikujie mahali usipoitarajia.

Kisha iangalie 6900, gharama nyinginezo, kila mwisho wa mwezi. Ikianza kushindana na kodi ya pango, ifungue, tafuta kinachojirudia humo, ukipe akaunti yake. Na namba ya akaunti uliyoifunga usiipe kazi nyingine. Ripoti za miaka iliyopita bado zinaitumia.