Karatasi ya Shukrani kwenye Ubao wa Wodi

Ubao wa matangazo wa wodi huwa umejaa. Kuna rosta ya zamu za mwezi, picha ya hatua za kunawa mikono, saa za kutazama wagonjwa na onyo la rushwa. Katikati ya hayo, mara moja moja, hubandikwa karatasi ya familia iliyoondoka na mgonjwa wake. Nyingi zinafanana mno. Familia ya fulani inatoa shukrani za dhati kwa uongozi, madaktari, wauguzi na wafanyakazi wote kwa huduma nzuri, si rahisi kumtaja kila mmoja, Mungu awazidishie.

Mtindo huo tumeuchukua kwenye matangazo ya shukrani ya magazetini, yale yanayotoka baada ya msiba. Huko unafaa, maana waliochangia, waliopika na waliosafiri ni mamia. Wodini hali ni nyingine. Waliomhudumia mgonjwa wako wanahesabika, kazi waliyoifanya ina majina yake, na watakaoisoma karatasi ni wao wenyewe, pamoja na ndugu wa wagonjwa waliolazwa leo. Muuguzi akisoma "huduma nzuri" hajui umemshukuru kwa lipi.

Tuchukue mfano wa mama aliyepata kiharusi, upande mmoja umelegea, hajigeuzi na anameza kwa shida. Familia itakumbuka daktari aliyesoma picha ya kichwa na dripu iliyowekwa siku ya kwanza. Lakini sehemu kubwa ya kazi iliyomrudisha nyumbani haikuonekana, kwa sababu ilifanywa ndugu wakiwa wametolewa nje.

Kazi ya kwanza ni kumgeuza. Mtu asiyeweza kujigeuza hulalia mifupa ileile, hasa ya makalio, nyonga na visigino. Damu haipiti vizuri pale palipobanwa, na ngozi huanza kufa. Ndiyo maana wauguzi humgeuza mgonjwa wa aina hiyo takriban kila saa mbili, usiku na mchana: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Dalili ya mapema ya kidonda cha kulalia ni wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo hutazamwa pale palipozidi kuiva rangi, palipo na joto au palipokuwa pagumu kuliko pembeni. Mama akirudi nyumbani baada ya wiki tatu na mgongo mzima, kuna watu walioamka saa nane usiku, na saa kumi tena, wakamshika wawili wawili. Hakuna sifa ya wodi inayoizidi hiyo, nayo ni nadra kuiona imeandikwa ubaoni.

Kazi ya pili ni kulisha. Koo lililolegea huchelewa kufunga njia ya hewa, na chai nyepesi hukimbia haraka. Ikiingia kwenye mapafu huweza kuleta nimonia. Kwa hiyo muuguzi humjaribu kwanza kama anameza, kisha humketisha wima na kumpa uji mzito kidogo kidogo, kwa kijiko cha chai. Ndugu aliyekuja na chupa ya chai akakatazwa huenda alinung'unika siku hiyo.

Familia ikiyajua haya, karatasi inajiandika yenyewe:

"SHUKRANI. Mama yetu alilazwa hapa mwezi Machi, akiwa hawezi kujigeuza wala kumeza vizuri. Alirudi nyumbani bila kidonda hata kimoja. Tunajua zamu zote, na hasa ya usiku, zilikuwa zikimgeuza kwa saa zake. Tunamshukuru sista wa zamu ya asubuhi aliyemkataza ndugu yetu kumpa mama chai akiwa amelala, kisha akatufundisha kumketisha na kumlisha kwa kijiko. Nyumbani tunafanya hivyo hivyo. Tunamshukuru mtaalamu wa viungo aliyemsimamisha mara ya kwanza, na kaka wa usafi aliyemsalimu kila asubuhi, hata siku ambazo hakuweza kujibu. Sisi wanawe. Aprili."

Angalia yasiyomo. Hakuna jina la mama, namba ya kitanda wala neno kiharusi. Ubao husomwa na kila apitaye, na mgonjwa ndiye mwenye siri yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Hata haya machache asomewe mama kwanza. Akisema liondolewe, liondolewe. Picha ya mgonjwa kitandani isibandikwe kabisa.

Majina ya wafanyakazi nayo hayapo, na hapo familia nyingi hukwama. Ukimtaja sista mmoja, watatu waliofanya naye kazi ileile watajiona wameachwa, na wa usiku ndio wasiojulikana majina. Kutaja zamu na kitendo kunatosha. Wenyewe watajuana, na muuguzi mfawidhi ana rosta ya kumwonyesha nani alikuwapo. Ukitaka kutaja jina, muulize mwenyewe.

Kosa lenye madhara zaidi ni shukrani inayomchongea mtu. "Tunamshukuru nesi aliyeturuhusu kuingia usiku" ni ushahidi wa kanuni iliyovunjwa, uliobandikwa mbele ya bosi wake. "Alitupa namba yake ya simu" itamletea ndugu wa wagonjwa wengine, kila mmoja akiitaka. Na usiandike chochote kuhusu zawadi, hata kama ilikuwa kreti ya soda ya wodi nzima, kwani karatasi hiyo itakaa jirani na onyo la rushwa. Mambo kama hayo mshukuru mtu kwa mdomo. Malalamiko kuhusu wodi nyingine yana sanduku lake la maoni. Yakiingia kwenye shukrani, yanaiharibu.

Je, kama mgonjwa alifariki? Kwa maoni yangu karatasi hiyo isikae kwenye ubao unaosomwa na wagonjwa. Aliyelazwa kitanda cha jirani hahitaji kusoma kwamba mtu wa ugonjwa wake hakutoka. Mpe muuguzi mfawidhi aiweke kwenye chumba cha wauguzi, nayo itasomwa kwa makini zaidi, maana wauguzi husikia mara chache kutoka kwa familia zilizofiwa.

Mengine ni madogo. Omba ruhusa ya muuguzi mfawidhi kabla ya kubandika. Ukurasa mmoja wa A4 unatosha, herufi kubwa za kusomeka na mtu aliyesimama, na pini kwenye ubao badala ya gundi ukutani, kwa sababu kuta za wodi hufutwa kwa maji ya klorini. Weka mwezi ili ijulikane wakati wa kuibandua.

Kisha toa nakala ya pili. Hiyo andika kama barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, ukitaja tarehe, wodi, zamu na majina ya waliokubali kutajwa, upeleke masjala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Karatasi ya ubaoni hubanduliwa baada ya muda. Barua huweza kuingia kwenye jalada la mtumishi, na Mei Mosi inapokaribia na hospitali kutafuta mfanyakazi bora, jalada ndilo litakalofunguliwa.