Beki Anapoingia Kati, Ubavuni Anabaki Nani?

Aprili 9, 2023, pale Anfield, beki wa kulia wa Liverpool, Trent Alexander-Arnold, alionekana mahali pasipo pake. Kila timu yake ilipomiliki mpira, aliiacha chaki akaenda kusimama katikati na Fabinho. Kwa Arsenal, beki namba tatu Oleksandr Zinchenko alifanya vivyo hivyo ubavuni mwa Thomas Partey. Kushoto kwa Arsenal ndiko kulia kwa Liverpool, kwa hiyo mashimo yote mawili yalikuwa upande mmoja wa uwanja.

Faida ya beki kuingia kati ni hii. Zinchenko akiingia ndani, Mohamed Salah anabaki na swali. Akimfuata, njia ya pasi inafunguka kutoka kwa Gabriel, beki wa kati, moja kwa moja hadi kwa winga Gabriel Martinelli. Asipomfuata, Arsenal wanakuwa na mtu wa ziada katikati, na Granit Xhaka anapata ruhusa ya kupanda hadi karibu na boksi.

Gharama yake inaonekana mpira unapopotea. Nyuma wamebaki watatu, na uwanja una upana wa meta 68. Salah hakurudi kukaba. Yuko wazi pembeni. Pasi ya kwanza inakwenda kwake, na Gabriel hana budi kutoka kumzuia. Wengi humlaumu Zinchenko kwa kutomkimbilia winga, lakini yuko meta 20 na ushei kutoka chaki, na mpira una kasi kuliko mtu. Kazi yake ni kukimbia kuelekea goli lake, akazibe pengo aliloliacha Gabriel, maana krosi itapita hapo. Bora zaidi, yeye na Partey wambane aliyeunyakua mpira kabla hajainua kichwa. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na ikivunjika, mabeki watatu hukimbizana na hewa.

Siku ile Martinelli alifunga bao la kwanza, kisha akapiga krosi kutoka ubavu huohuo na Gabriel Jesus akafunga kwa kichwa. Salah alirudisha moja kabla ya mapumziko. Dakika ya 87 Alexander-Arnold alimpita Zinchenko kwenye boksi, akainua mpira, Roberto Firmino akasawazisha: 2-2. Bao hilo la mwisho, kwa haki, halikutokana na shimo. Zinchenko alikuwepo, akapitwa ana kwa ana. Mabeki wa aina hii huchaguliwa kwa miguu ya kiungo, na mara nyingi ukabaji wao wa mtu kwa mtu ni dhaifu.

Mechi ijayo, mpira ukipotea katikati, usiufuate kwa macho. Mtazame beki wa kati wa upande ule: akivutwa hadi kwenye chaki na nyuma yake hakuna aliyeshuka, jiandae kuona krosi.