Barua ya Benki Isomwe Kabla ya Kuondoka Dirishani

Mwombaji wa viza anapopeleka barua ya uthibitisho ya benki ubalozini, barua hiyo haisomwi peke yake. Huwekwa kando ya pasipoti, taarifa ya akaunti na fomu ya maombi, na zikipingana, shaka humwangukia mwombaji, hata kama kosa ni la karani. Kanuni ya viza za Schengen ya mwaka 2009, inayofuatwa na Ubelgiji miongoni mwa nchi nyingine, inaruhusu ombi kukataliwa pale panapokuwa na shaka ya msingi juu ya ukweli wa hati zilizoletwa.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Buyenzi anayetaka kumtembelea mwanawe mjini Bruseli. Taarifa ya akaunti yake inaonyesha namba inayoishia na 417, lakini barua imeandika 471. Tarehe ni ya tarakimu tupu, 03/04, na msomaji hajui kama ni Machi au Aprili. Chini pana sahihi na muhuri, bila jina wala cheo. Tena barua inasema imetolewa kwa ajili ya zabuni, kwa kuwa karani alitumia barua ya mteja mwingine kama kielelezo.

Afanyeje? Kwanza, alinganishe jina na pasipoti herufi kwa herufi, na namba ya akaunti na taarifa yake tarakimu kwa tarakimu. Salio nalo lilingane na taarifa ya siku ileile. Pili, aombe mwezi uandikwe kwa maneno. Tatu, aulize ni nani aliyetia sahihi, na kama ana mamlaka ya kutia sahihi barua za namna hiyo. Jina na cheo chake visomeke, kwani huyo ndiye atakayetafutwa ubalozi ukitaka uhakika. Nne, barua itaje ombi la viza na nchi iendewayo.

Akigundua kosa, asilifute wala kulisahihisha kwa kalamu. Tarakimu mbili zilizogeuzwa kwa mkono wake huibadilisha barua halali kuwa hati iliyochezewa, na kughushi ni kosa la jinai. Airudishe benki, apewe barua mpya, na ile ya kwanza ibaki huko.

Yule aliyeletewa barua na mtu wa kati ana kazi moja zaidi: aipeleke mwenyewe kwenye tawi la benki iulizwe. Asitegemee simu iliyochapwa kwenye barua, kwa maana aliyeghushi barua aweza pia kuandika namba ya mwenzake. Muhuri mzuri si ushahidi. Ushahidi ni benki kuiona barua katika kumbukumbu zake. Ikikana kuitoa, tunaomba hati hiyo iletwe kituo cha polisi kilicho karibu, isipelekwe ubalozini.