Mbona Kola Hailali?

Mteja akileta picha ya blauzi yenye kola bapa, ile ya duara iliyozoeleka kwenye magauni ya watoto na sare za shule za wasichana, jicho hukimbilia kwenye ncha. Je, ni za mviringo au zimechongoka? Ncha ni pambo tu, unaweza kuzichora upendavyo. Kinachoamua kola ilale au isimame ni ukingo usioonekana, ule unaoshonewa shingoni.

Kola hii wengi huiita ya Peter Pan, kwa sababu Maude Adams aliivaa alipoigiza mhusika huyo jukwaani New York mwaka 1905. Haichorwi kwa kubuni. Huchorwa juu ya patani ya blauzi yenyewe.

Tuchukue blauzi ya msichana wa shule ya msingi ambaye bega lake lina sentimita 10, na kola tunataka iwe na upana wa sentimita 6. Weka kipande cha nyuma juu ya karatasi ya kaki, kisha kipande cha mbele kando yake, mabega yakutane mstari kwa mstari bila nafasi ya mshono. Ukifuata mviringo wa shingo jinsi ulivyo, halafu ukapima sentimita 6 kuuzunguka, utapata kola inayolala kabisa. Ukingo wake wa nje una urefu uleule wa sehemu ya blauzi inayoufunika, kwa hiyo hakuna kinachoiinua.

Kwenye karatasi inapendeza. Ikishonwa, mshono wa shingo huchungulia nje, na ukingo wa nje huanza kufanya mawimbi, maana kitambaa hulegea kidogo kila kinapokatwa mshazari. Ndiyo maana mafundi hutaka kola ijikunje kidogo, milimita chache tu, ili mshono ujifiche.

Mkunjo huo hupatikana begani. Acha vipande vikutane shingoni kama mwanzo, lakini kwenye ncha ya bega, upande wa mkono, vipandane kwa sentimita 1.5. Shingoni hakuna kilichopungua. Katikati ya bega vimepandana kiasi cha nusu ya hapo, na mahali ukingo wa kola unapopita, sentimita 6 kutoka shingoni, vimepandana milimita 9. Sasa chora kola yako juu ya vipande hivyo. Ukingo wa ndani bado unatosha shingo, ila ukingo wa nje umepungukiwa milimita 9 kila upande, na mviringo wa ndani umenyooka kidogo kuliko wa blauzi.

Kola ikishonwa, ukingo wa nje haufiki ulikotakiwa kulala. Hupanda kuelekea shingoni, ambako mzunguko ni mdogo, na upana uliobaki bila pa kulala husimama na kujikunja. Pandanisha sentimita 4 badala ya 1.5, nayo kola itasimama zaidi ya sentimita moja nyuma ya shingo. Endelea hivyo mpaka mviringo uishe na ukingo wa ndani unyooke kabisa, nawe umeiacha kola bapa: una utepe ulionyooka, kama wa kola ya shati.

Kabla ya kukata kitambaa cha mteja, kata kola ya safu moja kwa marekani, ukingo wake wa nje usiwe na nafasi ya mshono, uibane kwa pini shingoni. Ukingo ukifanya mawimbi, ni mrefu mno. Kola ikipanda nyuma na kuikunja blauzi chini yake, ni mfupi mno. Huna haja ya kuchora upya. Chana patani kutoka ukingo wa nje mpaka karibu na shingo, mara tatu, kati ya bega na katikati ya nyuma. Pandanisha kila mchano milimita 3 kuondoa mawimbi, au uachanishe milimita 3 kulegeza. Usichane mbele, kwa sababu ncha mbili zinazokutana kooni zitahama.

Kosa linalosumbua zaidi ni la kipimo. Shingo hupimwa kwenye mstari wa mshono, tepu ikisimama kwa ukingo wake ili iufuate mviringo. Ukipima ukingo wa kitambaa uliokatwa, wenye nafasi ya mshono ya sentimita 1, nusu ya shingo itakupungukia karibu sentimita 3. Fundi akilinganisha kola na kipimo hicho, atalazimika kuivuta wakati wa kushona, na kola iliyovutwa hailali hata patani yake ikiwa sahihi.

Kitambaa kizito nacho hudai chake. Safu ya juu ya kola huzunguka mkunjo kwa nje, hivyo huhitaji upana zaidi kuliko ya chini. Punguza safu ya chini milimita 2 kwenye ukingo wa nje, au 3 kwa sufu, kisha unaposhona ulinganishe kingo mbili. Mshono wa ukingo utageukia chini wenyewe.