Pakieni Hadi Asilimia 94

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni moja ya mbao huko Oklahoma, Marekani, ilikuwa inapoteza fedha barabarani. Sheria iliweka uzito wa juu ambao lori la magogo linaruhusiwa kubeba, lakini malori yake yalikuwa yakifika kiwandani na takriban asilimia 60 tu ya uzito huo. Madereva walikuwa wameshaambiwa wajitahidi kadiri ya uwezo wao. Hawakuwa wavivu. Magogo hayalingani, moja nene jingine jembamba, na anayekadiria shehena kwa macho huona ni heri apunguze kuliko azidishe akavunja sheria.

Watafiti wawili, Gary Latham na James Baldes, waliwapa madereva wa malori 36 lengo moja: kila lori lipakiwe hadi asilimia 94 ya uzito unaoruhusiwa. Hapakuwa na nyongeza ya mshahara kwa atakayelifikia, wala adhabu kwa atakayelikosa. Mwezi wa kwanza upakiaji ulipanda hadi asilimia 80. Mwezi wa pili ukashuka hadi 70, na hapa ndipo pananivutia zaidi: madereva walikuja kueleza kwamba walikuwa wanajaribu kama kweli hawataadhibiwa. Walipoona ahadi imetimizwa, mwezi wa tatu wakapita asilimia 90, na wakabaki humo miezi iliyofuata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1975.

Malori yalikuwa yaleyale na watu walewale. Kilichobadilika ni kwamba sasa dereva aliweza kujua, kila safari, amebakiza kiasi gani. Neno “jitahidini” halimpi mtu nafasi hiyo. Aliyepakia asilimia 60 anaweza kuapa kwamba amejitahidi, na hakuna wa kumpinga, kwa sababu kila mmoja ana kipimo chake moyoni.

Sasa tuchukue kituo cha kukusanyia maziwa cha chama cha ushirika, chenye timu ya mpokeaji, karani na vijana wa pikipiki wanaoyafuata maziwa kwa wafugaji. Mwenyekiti anasema, “Mwaka huu tuboreshe ubora wa maziwa.” Wote wanapiga makofi, kisha kesho yake kila mtu anafanya kama jana.

Kazi ya kwanza ni kujua mlipo. Kwa wiki nne karani aandike lita zilizoletwa na lita zilizokataliwa. Tuseme kwa siku zinaletwa lita 1,000 na zinakataliwa 60, yaani asilimia 6. Kabla ya kuandika, timu ikubaliane “kukataliwa” ni nini. Hapa tuseme ni maziwa yanayoganda yanapochanganywa na alkoholi kwenye kipimo cha mapokezi, dalili kwamba yameanza kuchacha. Wasipokubaliana, mpokeaji wa zamu moja atakataa kwa kunusa na wa zamu nyingine kwa kipimo, na hesabu zao hazitalinganishika.

Ndipo lengo liandikwe: maziwa yanayokataliwa yashuke kutoka asilimia 6 hadi 3 ifikapo mwisho wa mwezi wa tatu. Nimeandika asilimia kwa makusudi. Ukiandika “lita 30 kwa siku”, msimu wa kiangazi maziwa yakipungua timu italifikia lengo bila kufanya lolote.

Hata hivyo, asilimia 3 ni tokeo, na kijana wa pikipiki hawezi kulishika mkononi. Anachoweza kushika ni saa. Kama daftari linaonyesha mengi yanayokataliwa ni yale yanayofika jua likiwa limeshapanda, mpeni lengo lake: madumu yote yawe kituoni kabla ya saa 3 asubuhi, siku sita kati ya saba. Hilo analiona mwenyewe kila siku, hahitaji kusubiri mkutano wa mwisho wa mwezi.

Hatari ipo, nayo si ndogo. Mpokeaji anayebanwa na asilimia 3 ana njia ya mkato: apokee maziwa mabovu. Daftari la kituo litapendeza, na kiwanda kitarudisha tangi zima. Kwa hiyo namba hiyo isisimame peke yake. Pembeni yake ziandikwe lita zilizorudishwa na kiwanda. Ya kwanza ikishuka huku ya pili ikipanda, kipimo kinachezewa, na mara nyingi anayekichezea ni mtu anayeogopa kufukuzwa. Wale madereva wa Oklahoma waliupima kwanza ukweli wa wakubwa wao, ndipo wakapakia.

Ukiwa kiongozi wa timu, kabla ya kutangaza lengo lolote, muulize mmoja wa watu wako: jioni ya leo utajuaje kama tumelikaribia? Akikosa jibu, usilitangaze bado.