Miezi 9 na Miezi 18: Kukaa, Kutambaa na Kutembea kwa Mtoto

Mtoto mchanga hupata nguvu za kuutawala mwili wake kuanzia juu kwenda chini. Shingo hukaza kwanza, zikafuata bega na mgongo, kisha kiuno, na miguu huja mwisho. Ndiyo maana mtoto hukaa kabla ya kusimama, na husimama kabla ya kutembea. Mpangilio huo haubadiliki sana baina ya mtoto mmoja na mwingine. Kinachobadilika ni umri, tena hubadilika kuliko wazazi wengi wanavyodhani.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliowafuatilia watoto 816 wenye afya njema na lishe ya kutosha katika nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Nusu ya watoto hao waliweza kukaa bila msaada walipofikia takriban miezi 6, lakini wapo walioanza kabla ya kutimiza miezi 4 na wapo waliofika miezi 9. Katika kutembea tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Nusu walitembea wakiwa na mwaka mmoja, wa mwanzo wakiwa na miezi 8, na wa mwisho walikaribia miezi 17 na nusu. Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya wasichana na wavulana, kwa hiyo lile neno la kumfariji mama kwamba wa kiume huchelewa halina msingi.

Katika takwimu hizo mna umri wa aina mbili, na kuuchanganya ndiko kunakoleta hofu isiyo na sababu au utulivu usio na sababu. Upo umri wa kawaida, ambao nusu ya watoto bado hawajaufikia na ni wazima kabisa. Upo pia umri wa mpaka, ambao karibu kila mtoto mwenye afya huwa ameshauvuka. Kwa kukaa, mpaka ni miezi 9. Kwa kutembea, ni miezi 18. Kwa bahati njema, Tanzania na Kenya humwita mtoto kliniki kwa chanjo ya surua na rubela katika miezi hiyohiyo miwili. Mzazi hahitaji kufunga safari nyingine: siku ya chanjo ya miezi 9 ndiyo ya kuzungumzia kukaa, na siku ya chanjo ya miezi 18 ndiyo ya kuzungumzia kutembea. Kasoro ni kwamba foleni ni ndefu, muuguzi ana mizani, sindano na kadi za kujaza, na asipoulizwa huenda asiuone mwendo wa mtoto aliyeletwa mgongoni na akaondoka mgongoni.

Kukaa kunapimwa kwa namna rahisi. Mtoto huwekwa mkekani, miguu mbele, bila mto nyuma yake. Anayekaa kweli huinua kichwa, hunyoosha mgongo na kubaki hivyo kwa sekunde 10 au zaidi bila kuegemea mikono yake. Mikono ndiyo ya kuangalia. Kabla ya hapo mtoto hupitia kipindi cha kujishikiza, viganja viwili vikiwa sakafuni mbele yake, na akiondoa kimoja kuchukua kijiko anapinduka. Hiyo ni hatua ya njiani, si kukaa bado. Anayefikisha miezi 9 akiwa bado anajishikiza anastahili kuangaliwa, hata kama ni mnene, anacheka na ananyonya vizuri. Unene hautoi nguvu ya mgongo, na wala si sababu ya kutosha ya kutokukaa.

Mazoezi yana mchango wake. Mtafiti Charles Super aliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigisi huko Kenya, na mwaka 1976 alichapisha aliyoyaona. Wazazi wa pale waliwafundisha watoto kukaa kwa makusudi, wakiwaweka wima katika kishimo kifupi chenye mablanketi ya kuwazuia wasianguke, na waliwafundisha pia kutembea. Watoto hao walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko wenzao wa Marekani aliowalinganisha nao. Lakini katika kutambaa, jambo ambalo wazazi hao hawakulifundisha, hawakuwatangulia wenzao. Mazoezi, basi, huweza kuongeza au kupunguza wiki kadhaa. Hayawezi kueleza ucheleweshaji wa miezi mingi. Mtoto anayebebwa sana huweza kuchelewa kidogo kujisogeza, na dawa yake ni kumlaza kifudifudi mkekani akiwa macho, mara kadhaa kwa siku, na kumwachia nafasi. Vile vigari vya magurudumu anavyokalishwa mtoto ili ajifunze kutembea havisaidii. Hufanyisha kazi ncha za vidole vya miguu badala ya kiuno na mgongo, na huweza kumfikisha kwenye ngazi au jiko kabla mtu hajamwahi. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Kutambaa ndiko kunakowahangaisha wazazi wengi, na ndiko kusikostahili hofu hiyo. Katika utafiti wa nchi 5, zaidi kidogo ya watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na bado walikuwa wazima. Wengine hujiburura kwa tumbo, wengine husota kwa makalio kisha husimama moja kwa moja. Wanaosota mara nyingi huchelewa kutembea, na akiulizwa bibi huweza kukumbuka kwamba baba wa mtoto naye alisota. Kwa hiyo swali la maana si iwapo mtoto anatambaa, bali anajisogeza kwa namna gani. Mtoto anayeburura mguu mmoja huku mwingine ukifanya kazi, au anayejivuta kwa mkono mmoja tu huku wa pili ukiwa umekunjwa ngumi, apelekwe kliniki hata kama anajisogeza kwa kasi.

Kutembea huanza mtoto anapojivuta juu kwa kushika kiti, akazunguka meza kwa mwendo wa pembeni, kisha akasimama dede bila kushika kitu. Anahesabiwa kuwa anatembea anapopiga hatua 5 mwenyewe. Akifika miezi 18 hajapiga hatua hizo, hata kama kila kitu kingine kinaonekana sawa, huo ni wakati wa kwenda. Sababu si moja. Huweza kuwa utapiamlo, au matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D, ambapo vifundo vya mikono huvimba na meno huchelewa. Huweza kuwa nyonga iliyotoka mahali pake, tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha, au mtindio wa ubongo. Kwa mvulana asiyetembea kwa miezi 18 pana sababu ya kufikiria pia ugonjwa wa kurithi wa misuli, ambao kipimo cha damu huweza kuuashiria.

Zipo dalili ambazo hazingoji miezi 9 wala 18. Mtoto wa miezi 4 ambaye kichwa bado kinalegea anapoinuliwa kukaa ni mmoja wao. Mwingine ni yule anayelegea mwili mzima mikononi mwa anayembeba, au aliyekakamaa hivi kwamba akishikwa kwapani na kuinuliwa miguu yake inapishana kama mkasi. Kubwa kuliko zote ni kupoteza: mtoto aliyekuwa anakaa na sasa hakai, kwa mfano baada ya malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Huyo apelekwe siku hiyohiyo, kwa umri wowote.

Hesabu ya umri ina mtego kwa waliozaliwa njiti. Tuseme mtoto alizaliwa mimba ikiwa na wiki 32, yaani wiki 8 kabla ya wiki 40 za kawaida. Anapoletwa kwa chanjo ya miezi 9, mwili wake una umri wa miezi 7 kwa upande wa maendeleo, kwa sababu wiki zile 8 alipaswa kuwa bado tumboni. Hesabu hii hutumika mpaka atimize miaka 2. Mtoto huyu anajishikiza kwa viganja na hajakaa vizuri, na kwa miezi 7 hilo halina ubaya. Mama yake anaweza kuambiwa arudi baada ya miezi 2. Lakini muuguzi anamwonyesha kijiko upande wa kushoto, na mtoto anavusha mkono wa kulia mbele ya kifua kukifuata. Kinapoletwa tena, hali ni ileile, na ngumi ya kushoto haifunguki. Hapo hesabu ya wiki haina tena la kusema. Kuzaliwa mapema hueleza kuchelewa kwa mwili mzima, hakuelezi tofauti ya upande mmoja na mwingine. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kupendelea mkono mmoja. Anayefanya hivyo mara nyingi anaukwepa ule ulio dhaifu. Kungoja miezi 2 kwa mtoto huyu ni kosa, na anayefaa ni kupewa rufaa siku hiyo.

Huko anakopelekwa, daktari huanza na maswali: mtoto alilia mara tu alipozaliwa? Alipata manjano makali wiki ya kwanza? Aliwahi kulazwa kwa degedege? Ukosefu wa hewa wakati wa kuzaliwa na manjano yasiyotibiwa ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za mtindio wa ubongo. Kisha hupima mzunguko wa kichwa kwa utepe na kuulinganisha na vipimo vya nyuma, kwa kuwa kichwa kinachokua haraka kupita kiasi huashiria maji kichwani, ambayo hutibiwa kwa upasuaji. Hukagua mgongo, nyonga, kuona na kusikia. Mtoto asiyeona vizuri huchelewa kujisogeza kwa kuwa hakioni cha kukifuata.

Mtindio wa ubongo wenyewe hauponi, ila madhara yake huweza kupunguzwa mapema. Mtaalamu wa mazoezi tiba humfundisha mama namna ya kumbeba, kumkalisha na kumlisha mtoto ili misuli isikaze ikavuta nyonga kutoka mahali pake, na namna ya kuufanya mkono dhaifu ushiriki katika mchezo. Hayo huhitaji kurudiwa nyumbani kila siku, na hayangoji jina la ugonjwa lipatikane.

Mzazi anayekwenda kliniki na wasiwasi wa namna hii hufanya vyema kubeba kadi ya mtoto pamoja na karatasi za uzazi, na picha ya video fupi kwenye simu inayoonyesha mtoto akijisogeza nyumbani, kwani mbele ya muuguzi wengi hulia tu. Akiambiwa kwamba mtoto atakaa tu, aombe jambo hilo liandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe ya kumpima upya. Tarehe hiyo ikifika na mtoto hajakaa, aombe barua ya rufaa.